Mama Munezero Akitafuta Dokta wa Ngombe

Ukitoka Goma ukapanda Kibati kwa barabara ya Rutshuru, mbele kidogo ya pale wanawake wanapouzisha makala, utaona paruseli, kiwanja chenye ukuta wa mawe meusi ya volcano. Ndani mule kuna nyumba mbili za mbao. Ya mbele ni ya Kakule, mwenye paruseli, na muke wake Kanyere, watu wa Butembo. Ya nyuma, ile ndogo, amepanga Mama Munezero. Ni mwanamuke wa Kibumba, mujane, mutu wa kusema kidogo. Misa ya asubuhi haimupiti, na kwenye shirika letu la sala, saa ya kuomba kwa sauti, yeye anaomba kwa kifupi kuliko wote.

Vita ilipopita Kibumba, watu walibeba godoro, sufuria, bidon. Mama Munezero hakubeba kitu kingi. Alishika kamba ya ngombe wake, mutamba ambaye alikuwa hajazaa hata mara moja, wakashuka pamoja kwa miguu. Ngombe anaitwa Gaju, sababu rangi yake ni ile nyekundu ya udongo uliolowa. Watu wengine kwenye barabara walimucheka: mama, watu wanakimbiza watoto, wewe unakimbiza nyama. Yeye akawajibu kwamba watoto wake wako Uganda na wana miguu yao, lakini huyu hana mutu mwingine.

Shamba la Kibumba sasa halifikiki. Kwenda Uganda kwa watoto inaomba makaratasi na njia, na yeye hana hiki wala kile. Hata Goma yenyewe anashuka mara moja moja tu. Kwa hiyo maisha yake yakawa ile paruseli, na ndani ya paruseli kile kibanda cha Gaju, kilichobanwa kati ya nyumba na ukuta, kinatosha ngombe kuingia, lakini akitaka kugeuka anajikwaruza mbavu. Majani anayakata mwenyewe kando ya barabara, anayaleta kwa kichwa. Alipopata mutu mwenye dume akampandisha Gaju, na tumbo lilipoanza kuonekana, tuliona Mama Munezero anatembea namna nyingine. Maziwa yakitoka, angekuwa tena mutu anayeamka na kazi. Ndivyo alivyomuambia Kanyere siku moja wakichota maji: bila huyu ngombe, mimi nimebaki mutu wa kungoja tu.

Siku ya ijumaa, mangaribi, Gaju akakataa majani. Akawa analala na kusimama, analala na kusimama, mukia umeinuka kidogo. Kiwele kilikuwa kimejaa mpaka kinang'aa. Mama Munezero ni mutoto wa wafugaji, hakuhitaji kuelezwa. Lakini mutamba wa mimba ya kwanza anatisha, na kibanda kile hakikuwa uwanja wa Kibumba ambapo baba yake na wajomba wangejaa. Akajiambia, dokta ninamutafuta sasa, kabla ya shida. Hapo alifanya vizuri, na ninaandika hivyo ili musifikiri alikuwa muzembe.

Alianza na bureau ya mifugo, ile ya Serikali, iliyo karibu kwa miguu. Kibao kipo mupaka leo, kimeandikwa huduma ya wanyama, na ngombe amechorwa mwenye macho ya mutu. Alikuta kamba ya nguo imefungwa kwenye mulango, na mwanamuke mumoja mukimbizi anapika sombe, majani ya muhogo, ndani. Yule mama akamuambia kwa upole kwamba watu wa bureau walitawanyika tangu ile vita, na kwamba kila wiki anafukuza watu wenye mbuzi. Wewe si wa kwanza, akasema, na mimi sijui hata kuchanja kuku. Lakini akamuonyesha pembeni mwa mulango, kwenye ubao, pale mutu alipoandika kwa rangi: klinike ya wanyama, Goma Mabanga, na namba ya simu.

Mama Munezero akapiga palepale. Akajibu musichana, anaitwa Rosine, ndiye anayeuzisha dawa pale. Mama akauliza kama ni klinike ya wanyama kweli. Ndiyo. Akauliza kama kesho jumamosi, siku ya posho, wanafungua. Rosine akajibu bila kusita kwamba wanafungua, hata posho, na akamuelezea njia mupaka mulango: mulango wa chuma wa rangi ya kijani, karibu na mashine ya kusaga. Mama akashukuru, akakata simu ili asimalize unité za simu. Akarudi nyumbani moyo umetulia. Alikuwa ametafuta, amepata, amehakikisha. Nani angefanya zaidi?

Alfajiri ya posho, chupa ya maji ya Gaju ikapasuka. Mama Munezero akaleta kiti kidogo, akaketi, akangoja. Jua likaanza kuonekana nyuma ya Rwanda. Gaju alisukuma, akapumzika, akasukuma tena, na kilichotoka ni ukwato mumoja na ncha ya pua. Kwa kawaida kunatoka kwato mbili, na pua imelala juu yake kama mutu anayesujudu. Alipoona ukwato ni ule mumoja tu, na Gaju anasukuma bila kitu kusogea, alipiga simu Mabanga. Simu ililia mupaka ikachoka. Alipiga tena, vilevile. Akafikiri, bado mapema, Rosine yuko njiani. Ngombe wa hali ile habebwi kwenye moto, pikipiki hizi za kubeba watu, dokta ndiye anapaswa kuja. Akamuamsha Kanyere, akamuomba akae na Gaju na ile simu, maana simu ya Kanyere iliharibika siku nyingi. Yeye akashuka barabarani, akapata motari, mwenye moto, akamuambia Mabanga haraka.

Sasa, mutu wa mujini akisoma hapa ameshajua kinachokuja. Siku ya posho asubuhi, Goma ni salongo. Kila mutu anafagia na kuzibua mifereji kwenye avenyu yake. Butike zimefungwa, moto hazitembei, mupaka filimbi ya kumaliza ilie. Mama Munezero aliijua salongo vizuri. Hata Kibati tunaifanya. Lakini alijua pia kwamba hospitali na farmasi zinaachwa wazi, mugonjwa hangojeshwi. Na kwake yeye, klinike ni klinike, mugonjwa ni mugonjwa.

Walisimamishwa kwenye kona ya kuingia Mabanga. Watu wa avenyu walikuwa wamejaza barabara na majembe na toroli, wanatoa muchanga mweusi kwenye mufereji. Shefu wa avenyu, muzee Onésime, alichukua ufunguo wa ile moto akauweka mufukoni, kisha akamuuliza Mama Munezero anaenda wapi saa ya kazi. Akaeleza. Klinike yenyewe ilionekana kutoka pale, mulango wa kijani karibu na mashine ya kusaga, umefungwa na kufuli. Akamuonyesha kwa kidole. Akasema ni farmasi, na farmasi zina ruhusa.

Muzee Onésime hakuwa mutu mubaya. Alifikiri kweli, mukono kidevuni. Kisha akasema:

"Mama, ruhusa ni ya farmasi ya watu. Ya nyama, hawakuiandika. Nikikuachia wewe juu ya ngombe, mwingine atakuja na bata."

Watu wakacheka. Mutu mumoja kwenye mufereji akauliza kama huyo ngombe alilipa shule, mupaka apewe dokta. Mama Munezero akatabasamu kidogo kama anavyofanya, akapokea jembe alilopewa, akashuka kwenye mufereji. Ningekuwa mimi ningepiga kelele. Yeye alianza kulima muchanga.

Alinieleza baadaye kwamba ile ndiyo saa ndefu kuliko zote, ndefu kuliko kutembea kutoka Kibumba. Kutembea, alisema, angalau muguu unaenda. Pale alisimama mahali pamoja, tope mupaka kwenye kifundo, anatupa muchanga juu na muchanga unarudi, na mulango wa kijani uko ng'ambo ya barabara. Mwanamuke aliyefanya kazi karibu naye alimuonea huruma, akamupa simu yake ajaribu tena kuita klinike. Mama akapiga. Na hapo akasikia simu inalia, si kwenye sikio tu. Ililia ndani ya butike, nyuma ya ule mulango wa kufuli. Simu ya kazi inalala kazini. Aliiacha ilie kidogo, akaikata, akarudisha simu kwa mwenyewe.

Akaomba tena ile simu, mara moja tu, akapiga Kibati. Kanyere akamuambia Gaju amelala chini, anasukuma, na pua ya ndama imeanza kuvimba. Na wanaume wawili wa karibu wamefika na kamba. Wanasema wavute. Mama Munezero alitaka kusema wangoje dokta, lakini dokta yuko wapi? Akasema wangoje kidogo. Unité za yule mwanamuke zikaishia pale.

Filimbi ililia. Watu wakajinawisha, wakacheka, wakaanza kufungua butike moja moja. Muzee Onésime akarudisha ufunguo kwa motari na kumuambia Mama Munezero Mungu amusaidie na mifugo yake, na alikuwa anamaanisha. Rosine akafika kutoka avenyu ya kwao, jembe begani, viatu mukononi. Akafungua kufuli. Mama alikuwa ameshasimama kwenye mulango.

Rosine alimusikiliza vizuri. Aliuliza maji yalipasuka lini, ni mimba ya ngapi, kumetoka nini. Mama akajibu yote. Kisha akauliza dokta anafika saa ngapi.

"Dokta Fortunat? Mama, leo posho. Dokta ni Musabato. Yuko kanisani."

"Jana uliniambia munafungua."

"Tumefungua, mama," Rosine akasema, na mulango ulikuwa wazi kweli.

Hakuwa amemudanganya. Siku ya posho Rosine anauzisha dawa za minyoo na za kupe, chakula cha kuku, sindano kwa wanaojua. Wafugaji wote wa Mabanga wanajua kwamba dokta mwenyewe posho hayuko, kama vile wote wanajua kwamba padri hasikilizi maungamo saa ya kulala. Hakuna anayefikiria kumuambia mutu. Mama Munezero aliuliza kama kumefunguliwa. Hakuuliza kuna nani.

Simu ya dokta, Rosine akasema, inazimwa tangu ijumaa jua likizama mupaka posho jua lizame. Mama akainama juu ya meza. Akaomba basi apewe ile sindano ya kusukumisha, aliwahi kusikia iko, atamuchoma mwenyewe. Rosine akakataa. Mama akaomba mara ya pili, kwa sauti ileile ya chini. Musichana akamushika mukono.

"Mama yangu, mutoto amekunja muguu mulangoni. Nikimupa mama yake nguvu ya kusukuma, hatatoka. Atapasua nyumba. Hiyo sindano sikupi hata ukilia."

Badala yake akachukua sanduku la dokta la kuzalisha, akahakikisha glove ndefu ziko, kamba safi, sabuni, dawa. Akamukabizi Mama Munezero. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuacha butike, lakini akamuelekeza motari kanisa liko wapi, jengo la bati la buluu mbele ya soko. Nenda umutoe, akasema. Hapa mimi siwezi kukusaidia zaidi ya hivi.

Kanisa lilijaa mupaka kwenye ngazi. Mulangoni alisimama shemasi mwanamuke, nguo nyeupe, sauti ya asali. Mama Munezero, tope mupaka magotini, sanduku mukononi, akanong'ona kwamba anamutafuta Dokta Fortunat. Shemasi akaweka kidole kwenye mudomo, watu walikuwa kwenye maombi. Akamuuliza kwa sauti ndogo kama ni mugeni. Mama akasema ndiyo, ni mugeni. Na hapo akashikwa tena. Mugeni kule hakai mulangoni. Shemasi alimushika mukono kwa heshima yote, akamupitisha katikati ya watu walioinamisha kichwa, akamuketisha kwenye benchi ya wageni, mbele kabisa, kati ya mwanamuke mwenye mutoto na muzee mumoja. Nyuma yake watu walijaa. Hata kama angetaka kutoka, angepita juu ya magoti ya kanisa zima.

Maombi yalikuwa marefu. Mama Munezero anaogopa kukatiza maombi, hata ya watu wengine. Alifumba macho akaomba naye, akimuambia Mungu kwamba ameelewa kuwa nyumba hii ni yake pia, lakini Gaju hajui hayo. Alipofumbua, akatafuta uso wa dokta kati ya watu, na hakumujua dokta, hajamuona hata siku moja. Kila mwanaume aliyevaa shati nyeupe angekuwa yeye. Wote walivaa shati nyeupe.

Baada ya amina, muongozaji akasimama akasema sasa tuwakaribishe wageni wetu, kila mumoja asimame, aseme jina lake, anatoka wapi, na ujumbe aliotumwa nao. Mwanamuke mwenye mutoto alisimama, akasema anatoka Sake kwa dada yake, akaimbiwa wimbo wa kukaribishwa, wote, beti mbili. Muzee naye akaleta salamu za kanisa la kwao, salamu ndefu. Akaimbiwa. Kisha macho yakamugeukia Mama Munezero.

Akasimama. Sanduku bado lilikuwa kwenye mukono.

"Ninaitwa Munezero," akasema. "Mimi ni Mukatoliki wa Kibati. Hakuna mutu aliyenituma. Namutafuta Dokta Fortunat, sababu ngombe wangu anazaa na ameshindwa."

Hakuna aliyeanzisha wimbo. Mahali fulani mutu alicheka, akanyamazishwa. Halafu kwenye koro ya waimbaji, mustari wa nyuma, mwanaume mufupi mwenye miwani akafunga kitabu chake cha nyimbo, akamupa jirani yake, akaanza kushuka. Aliomba ruhusa kwa watu wenye magoti, mumoja mumoja. Hakumuangalia muongozaji wala muongozaji hakumuuliza kitu.

Nje, alimusalimia kwanza. Kisha akamuuliza swali la kwanza: nani yuko na ngombe sasa hivi? Akatoa simu yake, akaiwasha, akangoja itulie. Mama akamutajia namba. Kanyere akajibu kwa sauti ya mutu aliyekuwa analia. Dokta aliweka sauti kubwa ili Mama asikie.

"Unaona kwato ngapi?"

"Mumoja."

"Chini ya ukwato kunaangalia ardhi ao kunaangalia juu?"

Kanyere akaenda kuangalia. Ardhi, akasema. Basi ni muguu wa mbele, dokta akamuambia Mama kando. Muguu mwingine umekunjwa nyuma.

"Nani anavuta?"

"Wanaume wawili. Wamefunga kamba kwa ule muguu."

"Waambie waache. Wafungue kamba. Mama, unanisikia? Wakivuta tena wataua wote wawili. Umumwagie ngombe maji kichwani, na mutungoje."

Wakapanda moto mutungi, wote watatu, Mama katikati, sanduku kwenye magoti yake, tai ya dokta inamupiga mwenyewe usoni kwa upepo. Njiani hawakusema. Mara moja tu dokta aliinamia sikio lake akamuuliza kwa nini hakuita bureau ya Kibati. Akamuambia kwamba pale wanapika sombe. Dokta akaguna. Alikuwa hajui. Yeye mwenyewe bado aliwatuma watu kule siku za posho.

Walipofika, wale wanaume wawili walikuwa wameketi kando, wamenuna, kamba kwenye miguu yao. Gaju alikuwa amelala kwa ubavu ndani ya kibanda, macho yametoka, na shida mpya ilionekana palepale. Katika kusukuma alijisogeza nyuma, mupaka makalio yakagusa ukuta wa mawe. Hapakuwa na nafasi ya mutu kupiga goti nyuma yake. Dokta alijaribu kujipenyeza, akashindwa. Wakajaribu kumusogeza Gaju mbele. Hana nguvu ya kusimama, na kumuburuta haikuwezekana, mbele kuna mbao za nyumba.

Ukuta ule ni wa Kakule. Aliujenga kwa mikono yake baada ya mulima kuwaka mara ya mwisho, jiwe juu ya jiwe, na kila mupangaji anaambiwa siku ya kwanza kwamba atafanya atakacho isipokuwa kuugusa. Kakule alitoka nyumbani aliposikia moto, akasimama pale, mikono nyuma. Aliona wanapoangalia. Akasema ngombe ni wa Munezero na ukuta ni wake, na kwamba usiku wezi watapita pale kama mulango wa kanisa.

Mama Munezero hakubishana naye. Alipita upande wa pili, barabarani, akashika jiwe la juu, akalitoa, akaliweka chini taratibu kama mutu anayeweka yai. Akashika la pili. Mawe yale yana meno, yalimukata vidole palepale. Kanyere akaja akasimama karibu naye, akatoa lake. Kisha akamugeukia bwana wake.

"Kakule, shika jiwe ao rudi ndani. Usisimame hapo kama kibao cha bureau."

Wale wanaume wa kamba walicheka, wakainuka. Kakule akatoa mikono mugongoni, akaja. Yeye ndiye aliyejua mawe yapi yanashika mengine, na ukuta ukafunguka haraka, upana wa mulango.

Dokta Fortunat alivua shati na tai, akavitundika kwenye mbao. Alipiga sabuni mupaka kwenye bega, akavaa glove, akapiga magoti barabarani, kwenye vumbi la volcano, moto zikimukwepa. Gaju akisukuma, yeye alitulia. Gaju akipumzika, alimurudisha ndama ndani kidogo kidogo, ili apate nafasi. Alitafuta kwa mukono bila kuona, jicho lake likiangalia mulima. Akapata goti. Akafuata mupaka chini, akaufunika ukwato kwa kiganja chake usimupasue mama, akaukunjua. Sasa zikawa kwato mbili. Akafunga kamba juu ya kifundo, muguu huu na muguu ule, akawapa wale wanaume wawili. Akawaambia wavute Gaju akisukuma tu, huyu kwanza, yule baadaye, na kuelekea chini, si kujivutia kwenye tumbo lao kama wanavyovuta mbuzi. Walitii kama watoto wa shule.

Mama Munezero alikaa kwenye kichwa cha Gaju. Aliweka shingo yake kwenye magoti, akamufunika jicho kwa kitenge. Kutoka pale hakuona kitu. Alisikia tu watu wanavuta pumzi pamoja, kisha kitu kizito kikateleza, kisha kimya ambacho hakikuisha.

Alikuwa dume, mwekundu kama mama yake. Ulimi ulikuwa wa buluu na munene. Dokta alimusafisha pua, akamusugua mbavu kwa majani, akamusugua tena, muda murefu kuliko ulivyohitajika. Kisha akaacha. Alisema amekufa kabla hawajafika, labda saa zile za asubuhi. Hakusema ni saa ya mufereji ao ya mulango ao ya benchi, na Mama hakumuuliza.

Wakabaki na Gaju. Dokta alirudisha mukono ndani kuangalia kama hakuna mwingine na kama hakupasuka. Hakupasuka. Akamuchoma dawa. Akasema kondo lisivutwe na mutu, liachwe litoke lenyewe, na kama kesho asubuhi bado, waite. Lakini kwanza asimame. Ngombe aliyelala hivi akizidi, miguu inakufa. Walimupa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo. Alikunywa beseni nzima. Wakamusukuma kwa ubavu, Kakule kwenye mukia, Kanyere na wale wawili kwenye nyonga. Alianguka. Wakangoja, wakajaribu tena, akaanguka tena na kumukalia Kakule muguu. Mara ile nyingine, hakuna aliyemugusa. Mama Munezero alisimama mbele yake kwenye lile pengo la ukuta, akamuita kwa Kinyarwanda, jina tu, kama alivyomuita siku zote njiani kutoka kwao. Gaju aliweka magoti, akainua nyuma, miguu ikitetemeka kama ya meza mbovu. Akasimama.

Dokta alinawa, akavaa shati lake juu ya ngozi yenye maji, tai akaiweka mufukoni. Alisema anarudi kanisani, mahubiri ya mangaribi bado. Yule motari alikuwa amekaa pale wakati wote, na hakutaka kuondoka bila kumugusa Gaju kichwani.

Wanaume wakamuzika ndama nyuma ya choo. Kabla ya kumuchukua, Mama aliwaomba wamuache Gaju amulambe kidogo, na walimuacha. Halafu Mama akachuchumaa, akakamua. Yalitoka yale maziwa ya kwanza, manene, ya njano, bila mutoto wa kuyanywa. Kanyere alishika kibuyu.

Mangaribi ilipoingia, Kakule alikuja kuangalia mawe. Giza lilikuwa linashuka, ukuta haungerudishwa siku ile. Barabara pale inapita watu wa kila namna, na Gaju, kila alipopata nguvu kidogo, aligeuza kichwa kutafuta ndama na kuita. Angetoka kumutafuta. Hangefungwa kamba, dokta alitaka atembee kidogo kidogo. Kakule alitaka kusema neno juu ya ukuta wake, Kanyere akamuangalia, naye Kakule akasema tu usiku mwema, Mama.

Mama Munezero alileta godoro lake na bulangeti. Akaliweka kwenye lile pengo, upana wa mulango, akaketi, mugongo kwenye mawe ya upande mumoja na miguu kwenye mawe ya upande wa pili. Nyuma ya kichwa chake moto zilipita na taa. Mbele yake Gaju aliita. Alitoa rozari, akaanza, na kila Gaju alipokuja kumusukuma kwa pua ili apite, alimushika taya akamurudisha, akaendelea pale alipokuwa ameachia.